Mionzi ya Eksirei katika Chumba cha Meno: Ni Nani Hasa Apaswaye Kulindwa?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi, na kuchapwa kwa ajili ya wanachama wasioweza kuhudhuria)



Kamati ya tawi ilitutuma watu watatu kwenda kuangalia chumba cha meno katika zahanati ndogo ambayo wengi wenu mwaijua. Jina lake hatutalitaja hapa, kwa kuwa mazungumzo na wenyewe bado yanaendelea. Malalamiko yaliyotupeleka yalitoka kwa karani wa mapokezi. Yeye ni mja mzito, na meza yake imesukumwa kwenye ubao unaotenga mapokezi na chumba cha eksirei. Watu walikuwa wamekwisha mwambia ati mtoto wake atazaliwa na kilema, na mama mkwe wake akamshauri aache kazi. Wenye zahanati walijibu barua yetu upesi, wakasema watanunua aproni mbili za risasi, moja ya karani na moja ya mgonjwa, na kwamba hapo neno limekwisha.

Sisi hatukuona kwamba neno limekwisha. Tulikwenda na utepe wa kupimia na daftari, na fundi wa eksirei wa hospitali kubwa akakubali kufuatana nasi siku ya Jumamosi pamoja na chombo chake cha kupimia mionzi. Haya tutakayosema ni yale tuliyoyaona, pamoja na yale aliyotufafanulia mpaka tukayaelewa.

Kwanza inafaa tujue kitu chenyewe. Mwale wa eksirei hutengenezwa na umeme ndani ya chupa iliyomo katika kichwa cha mashine. Kifungo kikibanwa, mwale upo. Kikiachwa, mwale hakuna. Haubaki ndani ya chumba wala ndani ya kiti, na mgonjwa hatoki nao mdomoni. Mzee anayefagia chumba kile jioni alikuwa akifunga kitambaa puani kwa kuogopa mionzi. Tulimwambia akifungue, maana mashine isipopiga ni chuma tu kama chuma kingine.

Kifungo kinapobanwa, kuna mambo mawili ya kutofautisha. Fikirini taa kubwa ya mbele ya injini usiku wenye ukungu. Mbele ya taa kuna mwanga mkali uendao moja kwa moja juu ya reli. Huo ndio mwale mkuu. Lakini hata aliyesimama kando ya njia huona weupe, kwa sababu ukungu hugongwa na mwanga ukautawanya kila upande. Kichwa cha mgonjwa hufanya kazi ya ukungu ule. Mwale mkuu hutoka katika bomba la mashine ukaingia shavuni, na sehemu ndogo sana hutawanyika chumbani. Nguvu ya mwale mkuu na nguvu ya mtawanyiko hazikaribiani hata kidogo, na kosa la zahanati ile lilikuwa kuogopa huo mdogo na kuuzoea mkubwa.

Kipimo cha mionzi mwilini huitwa sivati. Hiyo ni kubwa mno kwa mambo yetu, basi hugawanywa elfu, ikawa milisivati; na milisivati nayo hugawanywa elfu, ikawa maikrosivati. Ni kama kilomita, mita na milimita. Picha moja ndogo ya jino, ile ambayo filamu huwekwa ndani ya mdomo, humpa mgonjwa maikrosivati 1 mpaka 8 hivi, kwa kadiri ya mashine na filamu. Ardhi tunayoikanyaga, hewa tunayovuta, chakula na anga hutupa sote wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka, maana yake maikrosivati 6 na nusu hivi kila siku. Kwa hiyo picha moja ya jino ni kama siku moja ya kuishi duniani, au pungufu. Picha ya kichwa kizima katika ile mashine kubwa ya kuzunguka hospitalini hufika milisivati 2, yaani mamia ya picha za jino.

Sheria za ulimwengu, nazo ndizo zifuatwazo na Kenya, zaweka mpaka. Mtu asiyefanya kazi ya mionzi asipokee kutokana na kazi za wengine zaidi ya milisivati 1 kwa mwaka. Mfanyakazi wa mionzi asizidi milisivati 20 kwa mwaka, zikihesabiwa kwa wastani wa miaka mitano. Mikono yake, kwa kuwa ngozi hustahimili zaidi, isizidi milisivati 500 kwa mwaka. Na mfanyakazi mwanamke akiisha kutoa habari kwamba ana mimba, mtoto aliye tumboni ahesabiwe kama raia wa kawaida: milisivati 1 kwa muda uliobaki wa mimba.

Sasa tumhesabie karani wetu. Daftari la zahanati laonyesha picha 40 kwa juma. Fundi alituambia kwamba kwa mashine ndogo ya meno, mtu aliyesimama mita moja kutoka kwa mgonjwa hupata mtawanyiko usiofika maikrosivati 1 kwa picha moja. Sisi tuliihesabu moja kamili ili tusije tukajidanganya. Tukauhesabu ubao kama haupo, maana ubao mwembamba hauzuii eksirei kwa kiasi cha kutegemewa.

Kwa mita moja, basi, ni maikrosivati 40 kwa juma. Lakini kiti chake tulikipima tukaona kiko mita 1 na nusu kutoka kwa mgonjwa. Mionzi hupungua kwa umbali kuzidisha umbali: moja na nusu mara moja na nusu ni 2.25, na 40 ukiigawa kwa 2.25 wapata 18 hivi. Maikrosivati 18 kwa juma, kwa majuma 50 ya kazi, ni 900. Hiyo ni milisivati 0.9 kwa mwaka, chini kidogo tu ya mpaka. Kwa majuma yote 40 ya mimba ni milisivati 0.72.

Tulimweleza yule dada mambo mawili, na twawaomba ninyi mwelewe yote mawili, siyo moja tu. La kwanza, kilema cha mtoto tumboni hakijulikani kutokea kwa mionzi iliyo chini ya milisivati 100. Hesabu yake, hata tukiikuza kama tulivyofanya, haifiki sehemu moja ya mia ya hiyo. Basi hapana sababu ya kuacha kazi, wala ya kulala macho usiku, wala ya kwenda kwa mganga. La pili, kuwa chini ya mpaka hakumpi tajiri ruhusa ya kumweka mtu mahali pa mionzi pasipo haja. Kanuni ni kwamba mionzi ipunguzwe kadiri iwezekanavyo kwa busara. Meza ile ikisogezwa mpaka mita 3, hesabu yaanguka: 40 kugawa kwa 9 ni 4.4 kwa juma, ambayo ni milisivati 0.22 kwa mwaka. Gharama yake ni watu wawili kuinua meza. Tuliinua siku ile ile.

Lakini wakati tulipokuwa tukipima meza, fundi alikuwa akimtazama mtu mwingine. Msaidizi wa daktari wa meno, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kulalamika, alikuwa akiandaa mtoto wa miaka sita. Mtoto alikataa kushika filamu kwa kidole chake. Msaidizi akatia kidole chake mwenyewe kinywani mwa mtoto, akaibana filamu nyuma ya jino, akampa daktari ishara kwa kichwa, na daktari akabonyeza. Walikuwa wakifanya hivyo kwa miaka minne. Tulipomwuliza, alisema yeye haogopi, maana mashine ni ndogo.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Kidole kile hakimo katika mtawanyiko, kimo ndani ya mwale mkuu wenyewe, karibu na mdomo wa bomba. Fundi aliweka chombo chake mwisho wa bomba akapata milisivati 2 kwa picha moja. Linganisheni: karani aliye nyuma ya ubao hapati hata nusu ya maikrosivati moja kwa picha, na kidole cha msaidizi hupata maikrosivati 2,000. Msaidizi alikisia kwamba hushika filamu mara tatu kwa siku, kwa watoto na kwa wazee wanaotetemeka. Mara tatu kwa siku ni 15 kwa juma, ni 750 kwa mwaka. Mara milisivati 2, ni milisivati 1,500. Mpaka wa mkono ni 500. Huyu alikuwa ameupita mara tatu kila mwaka, na hakuna aliyemwandikia barua.

Haya si vitisho tu. Eksirei iligunduliwa na Röntgen kule Ujerumani mwezi wa Novemba mwaka 1895, na mwaka uliofuata madaktari wa meno walikuwa wamekwisha kuitumia. Mmoja wao, Edmund Kells wa New Orleans huko Amerika, alikuwa stadi sana na mwema kwa wagonjwa. Alishika filamu kwa vidole vyake, na mashine aliijaribu kwa kuuweka mkono wake mbele ya mwale. Miaka ikapita pasipo dalili. Kisha saratani ikaingia mkononi. Alikatwa vidole, baadaye mkono, na mwaka 1928 akajiua kwa uchungu. Tena si kwamba hapakuwa na mwonyaji. Daktari mwingine wa meno, William Rollins wa Boston, alikuwa amekwisha kuonyesha mwanzoni mwa karne ile kwamba eksirei yaweza kuua mnyama. Alishauri chupa izungushiwe kinga na mwale ubanwe uwe mwembamba. Wengi hawakumsikiliza, maana hawakuona mtu akianguka papo hapo.

Hiyo ndiyo hila ya jambo hili. Makaa ya moto hukuunguza ukaondoa mkono. Eksirei haina joto la kuhisi. Ngozi ya vidole hukauka baada ya miaka, hupasuka kando ya kucha, kucha zikapata mistari na kuvunjika, vidonda vidogo vikawa havifungi. Tulitazama vidole vya msaidizi na kwa bahati njema hatukuona hayo. Hata hivyo tumeomba apelekwe kwa daktari wa ngozi kwa gharama ya tajiri, na hali ya mikono yake iandikwe, ili siku za mbele asije akaambiwa hana ushahidi.

Dawa ya kidole ni kishikio cha filamu. Ni kijiti cha plastiki chenye mahali pa kung'ata, na pete nje ya mdomo inayoonyesha bomba lielekezwe wapi. Mgonjwa hung'ata, mikono ya watu wote iko mbali. Huoshwa na kutakaswa kama vyombo vingine. Seti nzima ni rahisi kuliko aproni moja ya risasi, na picha hutoka nzuri zaidi kwa sababu filamu haipindi. Kwa mtoto asiyeweza kung'ata, ipo filamu ndogo ya watoto. Akizidi kukataa, mzazi wake asiye mja mzito aweza kumshika kichwa, mikono yake ikiwa nje ya mwale, naye akavikwa aproni. Hilo ni mara moja kwa mzazi huyo; kwa mfanyakazi ni kila siku. Na ikiwa mambo hayo yote hayawezekani, picha ingoje siku nyingine. Mfanyakazi asiwe kishikio cha filamu, hata akijitolea mwenyewe.

Pamoja na kidole, mahali pa kusimama. Waya wa kifungo cha mashine ile ulikuwa wa mita moja tu, basi daktari alibonyeza akiwa amesimama karibu na bega la mgonjwa. Mwenye kubonyeza apaswa kuwa mita 2 au zaidi, tena asisimame mbele ya bomba. Mahali pazuri ni ubavuni mwa mwale au nyuma kidogo ya ubavu, ambapo kichwa cha mgonjwa hakimrushii mtawanyiko mwingi. Lililo bora zaidi ni kusimama nyuma ya ukuta, akimwona mgonjwa kwa kioo au kwa mlango ulioachwa wazi kidogo. Waya mrefu zaidi uliofungwa na fundi wa mashine hizo, na kifungo kikawekwa ukutani nje ya mlango, humaliza shauri hilo kabisa.

Tena tuliuliza bomba laelekea wapi. Mwale unaopiga meno ya kulia huenda kushoto, unaopiga ya kushoto huenda kulia, na unaopiga meno ya mbele huenda nyuma ya kichwa. Upande mmoja tu hauelekezewi mwale: ule ulio mbele ya uso wa mgonjwa. Kiti cha zahanati kilikuwa kimewekwa ubavu wa kushoto ukielekea ubao wa mapokezi, basi kila picha ya meno ya kulia ililenga upande wa karani na wa benchi la wagonjwa wanaongoja. Nyuma na kulia kulikuwa na kuta za mawe za nje, zisizo na mtu. Tulimwuliza daktari kwa nini kiti kikakaa hivyo. Alijibu kwamba walikikuta hivyo.

Tulishauri kiti kigeuzwe, mgonjwa autazame ubao. Hapo ubao hupata mtawanyiko tu, na mawe hupokea mwale mkuu. Na ubao wenyewe ubadilishwe kwa ukuta wa tofali za kuchomwa, tofali moja kwa upana wake, ukatiwa lipu pande mbili. Kwa mashine ya jino moja moja, yenye kilovolti 65 kama ile, na kazi ndogo ya picha 40 kwa juma, ukuta huo watosha. Hapana haja ya kununua mabamba ya risasi. Tajiri alikuwa ameambiwa na muuzaji mmoja kwamba bila risasi chumba hakifai, akaona gharama ni kubwa mno, basi akaacha kila kitu. Hutokea mara nyingi kwamba mtu akitakiwa kutoa kingi hatoi hata kidogo. Hata hivyo ukuta usijengwe kabla mtaalamu aliyeidhinishwa hajatia sahihi ramani, kwa sababu mashine kubwa inayozunguka kichwa, ikija kuwekwa mle baadaye, itataka hesabu nyingine.

Sasa tuje kwa mgonjwa, naye ni sisi. Tulipohesabu daftari la juma moja, tuliona kwamba katika picha zile 40, picha 16 zilipigwa watu waliofika mara ya kwanza, kabla daktari hajawafungua mdomo. Karani alikuwa ameagizwa awapeleke moja kwa moja kwenye kiti cha eksirei, maana bima hulipa kwa kila picha. Jambo hili limekatazwa. Picha hupigwa pale ambapo daktari amekwisha kutazama, akaona swali, na jibu la swali litabadili matibabu. Jino lauma na halionyeshi tundu: hilo ni swali. Jino lataka kung'olewa na mzizi wake unashukiwa umepinda: hilo pia. Lakini mtu kuwa mgeni, au kuwa na bima, au mwaka kuisha, si swali. Hata picha za kutafuta matundu yaliyojificha kati ya meno hufuata hali ya mtu. Mwenye meno yanayooza upesi aweza kupigwa baada ya miezi sita. Mtu mzima mwenye meno mazima angoje miaka miwili au zaidi. Kumbukeni vilevile kwamba picha isiyopigwa haina mtawanyiko: zile 16 zikiondolewa, mionzi ya wafanyakazi nayo yapungua kwa sehemu mbili katika tano, bila senti moja kutumika.

Mwanachama yeyote ana haki ya kuuliza, kwa adabu, "Daktari, picha hii yatafuta nini?" Na kama alipigwa mahali pengine karibuni, aseme, ili picha ya zamani iombwe.

Kisha kuna chumba cha giza. Fundi aliona kwamba sekunde za mashine ziliwekwa 0.6, na filamu waliyokuwa nayo ilitaka 0.3. Wakasema wakipiga kwa 0.3 picha hutoka hafifu. Ni kweli ilitoka hafifu, lakini ugonjwa haukuwa katika mashine. Dawa ya kusafishia filamu ilikuwa na majuma mengi, imegeuka rangi kama chai kavu, na haikufunikwa usiku. Dawa ikichoka, picha hukosa weusi. Mtu asiyejua huongeza mionzi badala ya kubadili dawa. Dawa ikichoka zaidi, huongeza tena. Basi mgonjwa, na kidole cha msaidizi, walikuwa wakilipa maradufu kwa sababu ya chupa ya dawa. Pia walikuwa wakiitazama filamu kwa macho na kuitoa wanapoiona inatosha. Kazi hiyo hufanywa kwa saa na kipimajoto: katika digrii 20, dakika 5, na joto likipanda muda hupungua kwa kufuata karatasi ya mtengenezaji.

Iko njia rahisi ya kugundua dawa iliyochoka. Ndani ya kila pakiti ya filamu mna karatasi nyembamba ya risasi ambayo hutupwa. Zikusanye, zibandike juu ya kijiti kama ngazi: mwanzo moja, kisha mbili, tatu, na kuendelea. Siku dawa ni mpya, weka ngazi hiyo juu ya filamu, piga, safisha, hifadhi filamu ile kama kielelezo. Kila asubuhi piga nyingine vile vile na uziweke pamoja mbele ya mwanga. Zikilingana, endelea na kazi. Rangi zikihama kwa ngazi moja au zaidi, mwaga dawa. Tulitengeneza ngazi hiyo pale pale na msaidizi aliipokea kwa furaha. Nadhani, ndugu, kwamba hakuna aliyekuwa amemwonyesha jambo la kazi yake kwa muda mrefu.

Kuhusu bomba tutasema machache. Mdomo wa bomba la pale ni duara la sentimita 6, ambalo eneo lake ni sentimita mraba 28. Filamu yenyewe ni sentimita 3 kwa 4, yaani 12 hivi. Zaidi ya nusu ya mwale wapita shavuni pasipo kuandika kitu. Kuna kipande cha pembe nne kinachovishwa juu ya bomba kikaubana mwale ulingane na filamu, na kikitumiwa pamoja na kishikio chenye pete, hupunguza mionzi ya mgonjwa kwa nusu au zaidi. Tumekiomba.

Na zile aproni? Mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Amerika kilitangaza kwamba mgonjwa wa picha za meno hahitaji tena aproni wala ukosi wa shingoni, maana mwale mwembamba uliolengwa vizuri haufiki tumboni, na mtawanyiko mwingi hupita ndani ya mwili wenyewe. Uingereza waliziacha kabla ya hapo. Hatusemi zitupwe, mkaguzi wa hapa akizitaka, zivaliwe, na mzazi anayemshika mtoto avae. Twasema tu kwamba aproni mbili zisingeokoa kidole kimoja, wala zisingegeuza kiti. Karani kuvaa kilo kadhaa za risasi mchana kutwa akiwa na mimba, ili meza isisogezwe, hilo tulilikataa kabisa.

Kuhusu beji za kupimia mionzi, wafanyakazi wote watatu wa chumba kile wazipewe, wazivae kifuani, na jioni zitundikwe mbali na chumba cha eksirei, sio juu ya mashine kama tulivyoikuta ya daktari. Matokeo kila mmoja aonyeshwe yake, asifichwe. Beji ya kifua haipimi kidole. Ipo ya pete kwa kazi hiyo, lakini kidole kisipoingia mwalini haihitajiki. Beji moja ya ziada tumeomba itundikwe upande wa mapokezi kwa mwezi mmoja, ili tuache kukisia na karani aone hesabu kwa macho yake.

Mpaka leo mambo yako hivi. Meza imesogezwa, kiti kimegeuzwa, vishikio vya filamu vimenunuliwa seti mbili, dawa ya chumba cha giza imebadilishwa na saa ya mashine imerudishwa 0.3. Waya mrefu umeagizwa. Beji zimeahidiwa. Ukuta haujaanzwa, na agizo la kupiga picha wageni wote limefutwa kwa mdomo tu. Sisi twalitaka kwa maandishi.

Kuna jambo jipya. Tajiri asema badala ya ukuta na waya atanunua mashine ndogo ya kushikwa mkononi, kama kamera, aliyoiona ikiuzwa kwa bei ya chini kwenye simu yake. Tulimwomba angoje. Mashine za namna hiyo zilizotengenezwa vyema zina risasi ya kutosha ndani, na kioo cha kinga cha duara mbele ya mshikaji, na hutumiwa pale ambapo mgonjwa hawezi kufikishwa kwenye mashine ya ukutani. Lakini mwaka 2012 serikali ya Uingereza iliwaonya madaktari wa meno juu ya mashine za bei ndogo zilizokuwa zikiuzwa kwa njia ya mtandao, ambazo kinga yake ilikuwa haba hata mionzi ikamrudia mshikaji na mgonjwa. Mshikaji pale zahanati atakuwa ni yule yule msaidizi, na safari hii itakuwa mikono yote miwili. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, mashine ya eksirei haitumiwi bila leseni ya halmashauri inayohusika. Kwa hiyo tumemwandikia kwamba tuonyeshwe cheti cha mashine hiyo kabla fedha hazijalipwa, na barua yetu ilipelekwa kwa mkono siku ya Jumatatu.